Tumepima makombo ya chakula cha mchana shuleni kwetu Uyui. Kamati inataka kupunguza kipimo kwa wote, mimi naona si haki

Mwalimu wa Kande

Habari za jioni wana jamvi. Nafundisha shule moja ya msingi hapa wilaya ya Uyui, Tabora, na mwaka huu nimekabidhiwa chakula cha wanafunzi. Wanaokula ni 364. Tunapika kande siku zote tano za wiki, na kila mtoto anatengewa gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage, pamoja na mafuta kidogo. Vyote hivyo wametoa wazazi, na kwa wengine kutoa debe la mahindi ilikuwa kazi kweli.

Mwezi Januari wajumbe wa kamati walipita shuleni wakakuta shimo la taka limejaa kande na mbwa wa kijiji kizima wamekusanyika pale. Waliumia, na mimi pia niliumia. Papo hapo likatoka pendekezo: kipimo kipunguzwe kwa watoto wote. Nikawaomba wanipe wiki moja nipime kwanza.

Nilinunua mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ile wanayopimia kuku, nikaifunga kwenye tawi la mwembe karibu na jiko. Nilipima vikombe kumi vya kugawia mfululizo, vikatoka kilo 4.6. Kwa hiyo kila mtoto anapokea gramu 460 za kande iliyoiva, awe wa darasa la kwanza au la saba, maana kikombe ni kimoja.

Siku ya kwanza nilikosea. Niliweka ndoo ya makombo kwenye mabomba, watoto wakamwagia humo na maji ya kusuuzia bakuli. Nilipopima nikapata karibu kilo 27, nikashtuka, halafu nikainamisha ndoo nikaona nusu yake ni maji. Siku hiyo nimeifuta. Kuanzia Jumanne niliweka ndoo tatu mbali na maji, moja ya darasa la kwanza na la pili, moja ya la tatu na la nne, moja ya la tano hadi la saba. Kila ndoo niliipima tupu kwanza, na mtoto alikung'uta bakuli mle kabla ya kwenda kuosha.

Ukiacha Jumatano, ambayo nitaieleza, wastani kwa siku ulikuwa hivi. Watoto 118 wa darasa la kwanza na la pili waligawiwa kilo 54.3 wakaacha kilo 13. Wale 104 wa la tatu na la nne waligawiwa kilo 47.8 wakaacha 3.8. Wakubwa 142 waligawiwa kilo 65.3 wakaacha 2.6 tu.

Ukijumlisha, ni kilo 19.4 kati ya 167.4, yaani karibu asilimia 12. Kamati imeishika namba hiyo moja, inasema basi tukate sehemu moja ya kumi kwa kila mtoto. Lakini ndani yake wadogo wanaacha asilimia 24 na wakubwa asilimia 4. Mtoto wa darasa la saba aliyetembea kilomita tano asubuhi, anayekomba bakuli kwa kidole, nikimkata nitakuwa nimemnyang'anya chakula, na makombo ya mdogo wake yatabaki palepale.

Jumatano madarasa yote yaliharibika. Hata wakubwa waliacha kilo 8.2, mara tatu ya kawaida yao. Sijajua sababu.

Naomba mawazo. Kikao ni wiki ijayo.

Kijiti cha Zamu

Mwalimu, unajisumbua na mizani. Sisi tulipokuwa shule, mwalimu wa zamu alisimama na fimbo, hakuna aliyeinuka kabla bakuli halijawa jeupe. Makombo yalikuwa hayapo kabisa. Mtoto akizoea kuchagua chakula shuleni, nyumbani pia atachagua. Weka msimamizi.

Mwalimu wa Kande

Kaka, usimamizi una faida yake, mfano kuzuia wakubwa kuwapora wadogo. Ila hilo la kulazimisha limeshajaribiwa hapa. Alhamisi ya wiki ile ile mwenzangu wa zamu aliwasimamia wadogo, na ndoo yao ikashuka hadi kilo 6. Nilifurahi kwa muda mfupi. Baadaye nilizunguka nyuma ya vyoo nikakuta kande imemwagwa kwenye majani, nyingine imefunikwa na mchanga, na kuku wanaichakura. Ilibidi niikusanye kwa koleo na kuipima pamoja na mchanga wake, kwa hiyo hata namba ya Alhamisi ya wadogo nimeichukulia kwa tahadhari. Ndoo ikishuka ghafla na hakuna kilichobadilika jikoni, tafuta chakula kimekwenda wapi.

Fuga Kaliua

Nina nguruwe 14 huku Kaliua. Hizo kilo 19 kwa siku mnauzaje? Mkikubaliana nitafuata mwenyewe kwa bodaboda kila Ijumaa.

Mwalimu wa Kande

Ndugu yangu, nia yetu ni chakula kiishie tumboni mwa watoto. Na kande ya Jumatatu kwa joto la Tabora haifiki Ijumaa.

Bibi Lishe

Mwanangu, hongera kwa kutenganisha ndoo. Nimefanya kazi ya lishe miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeona shule nyingi zikipima kwa ndoo moja halafu zikaamua vibaya kama kamati yenu inavyotaka kuamua.

Lakini bado kuna kitu hujakiona. Kilo 13 kwa watoto 118 ni kama gramu 110 kila mmoja, ila ndoo haikuambii kama wote wameacha kidogo au wachache wameacha bakuli zima. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Wakiacha wengi kidogo kidogo, kipimo ni kikubwa kuliko tumbo. Wakiacha wachache bakuli zima, hao wana jambo lao, pengine ni wagonjwa, pengine wanagombana, pengine wana homa au minyoo, na kikombe kidogo hakitawasaidia.

Siku moja simama kabla ya ndoo na daftari. Chukua bakuli la kila mtoto wa tatu anayepita, hadi yafike 40. Kwa macho tu andika: hakuacha, kaacha robo, nusu, robo tatu, au lote. Usiseme neno, usikunje uso, maana wakijua unawahesabu watakula kwa woga siku hiyo. Mwanzoni pima kwa mizani kande ya robo kikombe na nusu kikombe uiweke kwenye bakuli pembeni, jicho lako lipate cha kulinganishia.

Jambo la pili, usichanganye makombo na kilichobaki sufuriani. Kilichobaki sufuriani ni kosa la mpishi kukadiria idadi ya waliokuja. Hicho kina daftari lake.

Kasulu Moja

Na ukoko je? Huku kwetu Kasulu ukoko wa ugali ni chakula kingi kinachopotea, lazima uingie kwenye hesabu.

Halafu nina swali. Sisi tunapika ugali na maharage. Wanaoacha wanaacha ugali, maharage hayabaki hata punje. Mkuu wa shule anasema ugali upunguzwe. Ni sawa?

Bibi Lishe

Ukoko upime, baba, lakini peke yake, maana dawa yake ni moto na mwiko, haimhusu mtoto.

Kuhusu ugali, angalia kwanza mboga inaisha saa ngapi. Mtoto akimaliza maharage, ugali mkavu haushuki. Jaribuni siku mbili kuongeza mchuzi kwa maharage yaleyale, kwa maji na kitunguu tu, muone ugali unaobaki. Ukipungua, basi kilichokuwa kinapungua ni mboga. Mkikata ugali kabla ya kujaribu hilo mnaweza kuwa mnawaongezea njaa. Msikisie.

Mama Jikoni

Mimi ni mpishi wa shule, Nzega vijijini. Naomba nijibu la Jumatano maana walimu hamtuulizagi.

Mwalimu, maharage yenu yanatoka kwa wazazi, sivyo? Huyu analeta ya mwaka jana, huyu ya juzi, huyu mekundu, huyu ya njano, na stoo wanayamimina gunia moja. Ukipika, haya yameiva yanapasuka na yale bado mawe. Ukingoja mawe yaive, mengine yamekuwa uji. Saa sita imefika, watoto wanapiga bakuli, unaepua. Mtoto akiuma punje mbili ngumu hali tena, hata mahindi yakiwa laini. Jumatano mlifungua gunia jipya. Nenda kaulize.

Dawa yake haina gharama. Gunia likija, usilimimine. Chota mkono mmoja kwa kila mzazi, loweka kwenye kikopo jioni. Asubuhi angalia. Yaliyovimba na ngozi imelainika ni gunia la kwanza. Yaliyobaki madogo na magumu ni gunia la pili, na hayo yanatangulia motoni saa nzima kabla ya wenzake. Na kila siku jioni loweka ya kesho, asubuhi mwaga yale maji. Kuni zitakazobaki zitakwambia.

Kijiti cha Zamu

Si mweke magadi tu? Mama yangu alikuwa anaweka, maharage yanalainika haraka.

Bibi Lishe

Yanalainika kweli, mama yako hakukosea. Ila magadi yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na hawa watoto maharage ndiyo mboga yao ya kila siku. Kuloweka kunatosha. Na yale mekundu yasiyoiva si suala la meno peke yake. Yana sumu ya asili inayokwisha kwa kuchemka vizuri. Yakiliwa nusu mabichi mtoto anaweza kutapika mchana uleule.

Mama Wawili Isevya

Naomba niulize kama mzazi. Wanangu wawili wako hapo shuleni kwako, mmoja la kwanza na mwingine la sita. Mdogo ananiambia kila siku humwachia kaka yake nusu bakuli, wanakutana chini ya mti. Sasa mkimpunguzia mdogo, kaka naye mmempunguzia. Hilo mizani imeliona?

Mwalimu wa Kande

Mama, hapana, mizani haikuliona. Asante sana. Kesho nitakaa chini ya huo mti.

Mwalimu wa Kande

MREJESHO. Imepita karibu mwezi, samahani kwa ukimya.

Jumatano kwanza. Mama Jikoni ulisema kweli. Tulifungua gunia la pili siku hiyo, na mpishi wetu alikuwa ameshalalamika kwa mwalimu aliyekuwa zamu, hakuna aliyeandika popote. Tumetenganisha maharage kwa kikopo kama ulivyosema. Kati ya magunia tuliyonayo, karibu robo ni ya kutangulia motoni.

Bakuli 40 za wadogo nilizihesabu kwa macho: 17 hawakuacha kitu, 11 waliacha robo, 8 nusu, 3 robo tatu, na mmoja aliacha lote. Ukikokotoa ni sawa na robo ya chakula chote, na ndoo ilisema asilimia 24, kwa hiyo jicho na mizani vimekubaliana. Karibu nusu ya watoto wanaacha robo au nusu. Ni kipimo. Yule aliyeacha lote alikuwa na jino bovu, nimeongea na bibi yake.

Tukaingia kikaoni nikaomba wakubwa wasiguswe. Nilinunua jagi la plastiki la shilingi 1,500, nikajaza kande gramu 350 juu ya mizani, nikachora mstari, mpishi akalikata kwa kisu cha moto. Hicho ndicho kikombe cha darasa la kwanza na la pili. Sharti tuliloweka ni kwamba nyongeza ipo kila siku na hakuna anayenyimwa.

Siku mbili za mwanzo hakuna mtoto aliyekuja kuomba nyongeza. Nilidhani wameshiba. Bibi mmoja wa kamati akasema wale wa darasa la kwanza wanaogopa kusimama mbele ya wakubwa. Tukabadilisha: mpishi anazunguka na ndoo hadi walipokaa, anauliza mmoja mmoja. Siku ya kwanza ya kuzunguka mikono ilinyooka 20 na kitu. Kuna msichana mmoja mdogo sana alinyoosha bakuli bila kuinua macho, akala yote, akanyoosha tena. Bila kuzunguka, huyo tungemwacha na njaa na kwenye daftari tungeandika kwamba mpango umefanikiwa.

Wiki nzima ya kupima tena, Machi, kila siku wadogo walipewa kilo 41.3 na nyongeza kilo 4.2, jumla 45.5. Waliacha 3.7, asilimia 8. Lakini namba ninayoiangalia zaidi ni walichokula. Kabla ya mpango, ukitoa makombo, kila mdogo alikula gramu 350. Sasa ni gramu 354. Makombo yamepungua na kula hakujapungua.

Tunapika pungufu kwa karibu kilo 8.8 zilizoiva kila siku, ambazo kavu ni kama kilo 2.9.

Bibi Lishe

Hilo la kuzunguka na ndoo nimelipenda kuliko namba zote.

Nikusahihishe jambo moja. Gramu 350 ulizosema walikula ni chakula kisichorudi kwenye ndoo. Ndani yake kuna kile ambacho mdogo alimpa kaka chini ya mti. Kama kugawana kumepungua, basi wadogo kweli wanakula zaidi ya mwanzo na kaka zao wanakula pungufu. Ulikaa kule chini ya mti?

Mwalimu wa Kande

Nilikaa siku tatu. Niliwaona watoto tisa wakigawana na ndugu zao, na wawili wakifunika kande kwenye kopo wapeleke nyumbani. Hao wawili sijawauliza mbele ya wenzao. Baada ya kikombe kipya niliwaona wanne tu wakigawana. Kwa hiyo ni kweli, wapo wakubwa kadhaa waliopoteza kitu, na siwezi kukijua kwa gramu.

Kasulu Moja

Mwalimu, usitangaze ushindi mapema. Februari na Machi hakuna mavuno bado, nyumbani chakula kimepungua, watoto wanakula chochote. Subiri Novemba na Desemba miembe ya Tabora ikizaa. Mtoto anashinda juu ya mwembe tangu saa nne, saa saba atakula nini? Pima tena wakati huo, la sivyo unapima msimu.

Sisi tumeongeza mchuzi. Ugali unaobaki umepungua kiasi, haujaisha. Nadhani kwetu kipimo pia ni kikubwa.

Mwalimu wa Kande

Hoja ya maembe nimeipokea, na ya mavuno pia. Tutapima siku tatu kila mara, Juni, Septemba na Novemba, kwa ndoo zilezile.

Sasa ndipo tulipokwama. Kilo 2.9 kwa siku 194 za masomo ni kama kilo 560 za nafaka na maharage kwa mwaka. Mtoto mmoja anahitaji kilo 29 kwa mwaka mzima. Hiyo akiba inalisha watoto 19. Shuleni tunao 27 ambao wazazi hawakuweza kuchangia, na saa ya chakula wanabaki darasani au wanakwenda kukaa chini ya miembe. Nimependekeza akiba iwahusu hao.

Mama Wawili Isevya

Mwalimu, nakuheshimu na kazi yako naiona. Lakini mimi nilitoa debe la mahindi kwa mwanangu wa darasa la kwanza sawasawa na la kaka yake. Mdogo sasa anapewa kikombe kidogo. Akiba hiyo imetoka kwetu wazazi wa wadogo, siyo kwa shule. Kwa nini isirudi kwetu, tutoe pungufu mwakani?

Mwalimu wa Kande

Mama, nimeipiga hesabu hiyo. Kilo 560 zikigawanywa kwa wadogo 118 ni kilo 4 na robo tatu kwa kila mzazi. Nikizirudisha, hao 19 hawali. Hakuna zitakazobaki za kufanya yote mawili.

Fuga Kaliua

Mimi nilikuja kutafuta chakula cha nguruwe ila nimesoma mpaka hapa. Wale wazazi 27 hawana mahindi, lakini wana mikono. Si wakate kuni au wachote maji? Mpishi naye atapumua.

Mama Jikoni

Baadhi yao wana mikono, kaka. Wengine ni bibi anayelea wajukuu wanne. Huyo usimpangie kuni. Na mtoto asile kwa sharti la kuni za bibi yake.

Kijiti cha Zamu

Kilo 4 na robo tatu kwa mwaka si nyingi, mama. Haifiki nusu kilo kwa mwezi.

Mama Wawili Isevya

Si nyingi kwako. Mwezi wa pili nusu kilo ni uji wa asubuhi. Sikatai watoto wale kula, na wangu anakaa dawati moja na mmoja wao. Ninachotaka ni kuulizwa. Kikao cha kukata kikombe kilikaa kamati peke yake, sisi tuliambiwa na watoto wetu. Itisheni mkutano wa wazazi, mje na hiyo mizani na lile jagi, mtuonyeshe kama mlivyoonyesha humu. Halafu mtuulize.

Mwalimu wa Kande

Uko sahihi, mama, hilo tulikosea. Mkutano wa wazazi nimeuomba uwe Jumamosi baada ya Pasaka. Nitapika sufuria moja ndogo mbele yenu, tugawe kwa vikombe vyote viwili na kupima. Wadogo watano watakula palepale, nyongeza ikizunguka, na ndoo itakuwa katikati ya watu.